Malipo ya likizo Uingereza: ovataimu na kamisheni yako imeenda wapi?

Tumwite Rehema. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee huko Reading. Mkataba wake ni saa 36 kwa wiki, pauni 13 kwa saa, yaani pauni 468 kwa wiki kabla ya kodi. Ila hiyo 468 ni ya kwenye karatasi. Karibu kila Ijumaa jioni simu inalia: kuna mtu kaumwa, Jumapili unaweza kuja? Anakwenda. Ndani ya mwaka mmoja ovataimu hiyo imemwingizia pauni 4,680, ambazo ukizigawa kwa wiki 52 unapata 90 kila wiki. Kwa hiyo wiki yake ya kawaida si 468, ni 558.

Akachukua likizo ya wiki mbili. Slipu ya mshahara ikaja na pauni 936, mara mbili ya 468 kamili. Pale kazini akapewa maelezo, na wenzake wa kubeba boksi wakamwongezea ya kwao. Mengi niliyoyasikia kutoka kwake ndiyo yaleyale ninayoyasikia kila mara ninapoombwa kusoma slipu ya mtu. Ninayoyasema hapa ni ya Uingereza yenyewe, Welisi na Uskoti. Ireland ya Kaskazini ina kanuni zake.

“Likizo hulipwa mshahara wa kwenye mkataba tu”

Ilikuwa hivyo zamani, na programu nyingi za mishahara ziliundwa wakati huo, ndiyo maana kosa hili halifi. Tangu tarehe 1 Januari 2024, Kanuni za Muda wa Kazi za 1998 zinasema waziwazi ni malipo gani yaingizwe kwenye hesabu ya wiki 4 za mwanzo za likizo ya mwaka. Kamisheni imo, kwa sababu imefungamana na kazi ambayo mkataba unakudai uifanye. Nyongeza ya cheo, ya miaka ya utumishi au ya cheti cha taaluma nayo imo. Na malipo mengine, ovataimu ikitajwa kwa jina, yamo ikiwa yamekuwa yakilipwa mara kwa mara katika wiki 52 kabla ya likizo.

Kwa hiyo wiki mbili za Rehema zilipaswa kuwa 558 mara mbili, pauni 1,116. Amepunjwa 180.

“Ovataimu yako ni ya hiari, hakuna aliyekulazimisha”

Hili ndilo jibu alilopewa na ofisi, na linasikika kama lina akili ndani yake. Mahakama zimelipitia hatua kwa hatua. Mwaka 2014, katika kesi ya Bear Scotland, iliamuliwa kwamba ovataimu ambayo mwajiri si lazima aitoe, lakini akiitoa mfanyakazi hana ruhusa ya kuikataa, inaingia. Mwaka 2017 ikaja kesi ya mafundi wa halmashauri ya Dudley, ambao ovataimu yao ilikuwa ya hiari kabisa, nayo ikaingia. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha msimamo huo kwenye kesi ya wafanyakazi wa magari ya wagonjwa ya mashariki mwa Uingereza.

Swali basi si nani alikulazimisha. Swali ni je, malipo hayo yamejirudia kiasi cha kuwa sehemu ya kipato chako cha kawaida? Hapa sheria haikuweka namba. Haisemi mara 10 au mara 20. Anayeingia zamu ya ziada karibu kila wiki, kama Rehema, hana la kubishaniwa. Kati ya wale wa Dudley, walikuwamo waliokuwa wakishika zamu ya kuitwa usiku wiki moja katika kila nne au tano, na hata mpangilio wa namna hiyo ulihesabiwa kuwa wa kawaida. Lakini aliyefanya Jumamosi mbili tu za Desemba, kwa sababu ghala lilikuwa limefurika mizigo ya Krismasi, sioni akishinda. Katikati ya hao wawili kuna uwanja wa kubishania, na mwenye orodha ya tarehe za zamu zake ndiye mwenye kauli.

“Kamisheni iliingia nikiwa likizo, sasa nadai nini tena?”

Huu ndio mtego ninaoupenda kuueleza, maana unawanasa hata watu wajanja. Muuzaji anakwenda likizo Desemba. Mwisho wa mwezi anaona kwenye slipu mshahara wa msingi pamoja na kamisheni nono. Anaridhika. Kamisheni hiyo lakini ni ya mauzo ya Oktoba na Novemba, iliyochelewa kulipwa. Ni jasho lake la nyuma, haina uhusiano na likizo. Pigo linakuja Februari: siku alizokuwa likizo hakuuza kitu, basi kamisheni ya miezi inayofuata ina shimo.

Kesi maarufu ya jambo hili ni ya Lock dhidi ya British Gas. Bwana Lock alikuwa akiuza nishati kwa wafanyabiashara. Mshahara wake wa msingi ulikuwa pauni 1,222.50 kwa mwezi, na kamisheni yake kwa wastani pauni 1,912.67. Kumbe kamisheni ilikuwa zaidi ya asilimia 60 ya kipato chake. Alichukua likizo kuanzia tarehe 19 Desemba 2011, akalipwa msingi na kamisheni ya mauzo ya nyuma, kisha akadai lile shimo lililokuja baadaye. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikampa haki: mtu akijua kwamba likizo itamtoboa mfuko miezi miwili mbele, ataogopa kuichukua, na likizo imewekwa ili mtu apumzike. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikamaliza ubishi mwaka 2016.

Ikiwa wewe ni muuzaji, usiangalie jumla ya slipu ya mwezi wa likizo. Tafuta mstari wenyewe wa malipo ya likizo, uone kiwango cha siku moja. Kikilingana na mshahara wa msingi uliogawanywa kwa siku, kamisheni haikuhesabiwa, hata kama jumla ya chini inang’aa.

Bonasi ni habari nyingine. Ile ya mwisho wa mwaka inayotolewa kwa faida ya kampuni nzima haikai vizuri kwenye maneno “imefungamana na kazi yako”. Kwenye kesi hiyohiyo majaji waliutaja mfano wa mtu wa benki anayepata bonasi kubwa moja kila Machi, wakakataa makusudi kulijibu.

“Piga ovataimu nyingi kabla ya likizo, utalipwa zaidi”

Ushauri huu ulikuwa wa kweli mpaka Aprili 2020. Wakati huo wastani ulichukuliwa kwa wiki 12 tu, na waliojua walikuwa wakijikamua miezi mitatu kabla ya safari ya nyumbani. Kuanzia tarehe 6 Aprili 2020 wastani ni wa wiki 52, kwa hiyo kujikamua mwezi mmoja kunasogeza hesabu kidogo sana.

Kuna jambo moja kwenye hizo 52 ambalo watu wa mishahara hulikosea: wiki ambayo hukulipwa kitu haihesabiwi. Inarukwa, na badala yake inachukuliwa wiki ya nyuma zaidi yenye malipo, mradi usivuke wiki 104. Tuseme Rehema mwaka huo alikwenda Tanga kwenye msiba na kukaa wiki 3 bila malipo. Ofisi ikachukua wiki 49 alizolipwa, kwa wastani uleule wa 558, jumla pauni 27,342, kisha ikagawanya kwa 52. Inapata 525.81. Hapo pauni 32 za kila wiki ya likizo zimepotea kwa sababu ya msiba. Njia sahihi ni kurudi nyuma wiki 3 nyingine zenye malipo, ndipo ugawanye kwa 52. Ambaye hajatimiza mwaka kazini, zinachukuliwa wiki kamili alizonazo.

“Basi siku zote 28 nilipwe na ovataimu”

Hapa wanaodai ndio wanaokosea. Haki ya likizo ni wiki 5.6 kwa mwaka, ambazo kwa mtu wa siku 5 ni siku 28. Lakini ni vipande viwili vilivyoshonwa pamoja. Wiki 4 zilitoka kwenye sheria za Umoja wa Ulaya. Zile 1.6, yaani siku 8, Waingereza waliziongeza wenyewe, kwa kuwa waajiri walikuwa wakizihesabu siku 8 za sikukuu ndani ya zile wiki 4. Sheria inayodai kipato cha kawaida inagusa wiki 4. Kwa mwenye saa maalumu kwenye mkataba, 1.6 zaweza kulipwa kwa msingi.

Kwa Rehema ni wiki 4 kwa 558, pauni 2,232, kisha wiki 1.6 kwa 468, pauni 748.80. Jumla ya mwaka ni 2,980.80, ilhali kwa njia ya ofisi angepata 2,620.80. Tofauti ni 360. Waajiri wengi hulipa zote 5.6 kwa kiwango kimoja cha juu ili kujiepusha na hesabu mbili, lakini huo ni uamuzi wao. Asiye na saa maalumu kabisa, anayeitwa kazi ikiwapo, hesabu yake ni wastani wa kipato kwa wiki zote 5.6.

“Yameshapita, huwezi kudai ya mwaka juzi”

Unaweza, kwa mipaka. Mapunjo yanayofanana yakijirudia kila likizo huitwa mfululizo, na muda wa kudai huhesabiwa kuanzia punjo la mwisho. Zamani iliaminika kwamba ikipita miezi mitatu kati ya likizo moja na nyingine, mnyororo umekatika. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ililitupa wazo hilo kwenye kesi ya Agnew, ya polisi wa Ireland ya Kaskazini. Hata malipo sahihi yaliyojipenyeza katikati hayaukati peke yake. Ila kwa Uingereza, Welisi na Uskoti huwezi kurudi nyuma zaidi ya miaka 2.

Kabla ya kwenda baraza la kazi lazima upitie Acas, shirika la umma la kusuluhisha migogoro ya kazi, ambao hawatozi kitu. Kwa miaka mingi muda wa kuwafikia umekuwa miezi 3 kasoro siku moja tangu punjo la mwisho, na kuna mabadiliko ya kuurefusha, kwa hiyo uliza tarehe inayokuhusu mapema. Rehema alianza na barua fupi kwa ofisi ya mishahara. Aliomba waonyeshe wiki 52 walizotumia, na kiasi walichoweka kwa kila wiki. Aliambatisha slipu zake za mwaka, na zile zamu za Jumapili alizipigia mstari kwa kalamu nyekundu.