Bayasi ya BC547 kwa rezista mbili: fomula haiijui rezista ya kolekta

Ukiingia duka la spea za redio hapa Arusha mjini ukaomba BC547 kumi, utapewa mchanganyiko. Nyingine zimeandikwa B mwishoni, nyingine C, na zipo ambazo herufi imefutika kabisa. Kwa aina hii ya transista, β, yaani mkondo wa kolekta ni mara ngapi ya ule wa besi, inaweza kuwa 110 au ikafika 800, na zote ni nzima. Ndiyo maana kigawa volti cha rezista mbili kwenye besi hakijaachwa hadi leo. Kikipangwa vizuri, transista yoyote utakayoitoa mfukoni itakaa palepale.

Tuchukue hatua ya kwanza ya kipaza sauti cha maiki, inayotumia betri ya volti 12. R1 inatoka chanya kwenda besi, nayo ni kiloomu 47. R2 inatoka besi kwenda hasi, kiloomu 10. RC ya kolekta ni kiloomu 3.3 na RE ya emita ni kiloomu 1. Kapasita za kupitisha sauti tunaziweka kando, maana mkondo mnyoofu hauzipiti.

Kosa la kwanza la hesabu ni kuichukulia besi kama vile haili kitu, ukagawanya volti tu na kuendelea. Wakati mwingine hilo linapita, lakini huwezi kujua linapita wapi mpaka ufanye hesabu kamili angalau mara moja. Ichukue betri pamoja na R1 na R2, uvigeuze kuwa chanzo kimoja chenye rezista moja, kama alivyotufundisha Thévenin. Chanzo hicho nakiita VBB na rezista yake RBB:

```
VBB = 12 × 10 / (47 + 10) = 2.105 V
RBB = 47 × 10 / (47 + 10) = 8.25 kΩ
```

Sasa zunguka njia ya besi. VBB inasukuma mkondo kupitia RBB, inapoteza volti 0.65 kati ya besi na emita, halafu inapita RE hadi hasi. Cha kuangalia ni kwamba ndani ya RE haupiti mkondo wa besi peke yake. Unapita pamoja na wa kolekta, kwa hiyo kwa macho ya besi RE inaonekana kubwa mara β+1. Tukichukua β ya 200:

```
IB = (VBB − 0.65) / (RBB + (β + 1) × RE)
IB = 1.455 V / (8.25 + 201) kΩ = 6.95 µA
IC = 200 × 6.95 µA = 1.39 mA
VE = (IC + IB) × 1 kΩ = 1.40 V
VB = VE + 0.65 = 2.05 V
VC = 12 − 1.39 × 3.3 = 7.41 V
```

Kabla ya kwenda mbele, badilisha β uone. Ikiwa 110, IC inatoka miliampia 1.34. Ikiwa 800, inatoka 1.44. Transista yenye nguvu mara saba na zaidi imeongeza mkondo kwa sehemu ya kumi ya miliampia tu, na kolekta imeshuka kwa theluthi moja ya volti hivi. Sababu iko pale chini ya mstari wa mgawanyo: RBB ya 8.25 ni ndogo sana mbele ya 201, kwa hiyo mwenye kauli ni RE. Mkondo ukitaka kuongezeka, VE inapanda, nafasi kati ya besi na emita inabanwa, na mkondo unarudi.

Kanuni ninayoitumia ni RBB isizidi sehemu ya kumi ya RE ikizidishwa na β ndogo kuliko zote unazotarajia. Hapa ni 110 mara kiloomu 1, gawa kwa kumi, yaani kiloomu 11. Ya kwetu ya 8.25 inapita.

Wanaotaka kubana matumizi ya betri hupandisha rezista zote mbili mara kumi, 470 na 100, wakiona VBB imebaki ileile ya 2.105. VBB kweli imebaki, ila RBB sasa ni kiloomu 82. Rudia hesabu: β ya 110 inakupa miliampia 0.83, na β ya 800 inakupa 1.32. Hapo kila transista utakayobandika italeta kolekta yake. Na ulichookoa ni nini? Kigawa volti cha mwanzo kilikuwa kinakula miliampia 0.21 tu.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo huwa linarukwa. Rudi juu uiangalie ile fomula ya IB, utafute RC. Haimo. Ukiweka RC ya omu 100 au ya kiloomu 100, fomula itakujibu vilevile: mikroampia 6.95, miliampia 1.39. Fomula imeanza kwa kudhani transista iko katika hali ya kazi, ambapo kolekta hufuata besi kwa β, na haina njia ya kukuambia kwamba dhana hiyo imekufa. Uhakiki ni juu yako.

Kwa transista ya NPN unaangalia mambo mawili. VB iwe juu ya VE kwa takriban 0.6 hadi 0.7, maana yake imefunguka. Halafu VC iwe juu ya VB, maana yake mlango wa upande wa kolekta umebanwa kinyume kama inavyotakiwa. Kwetu ni 7.41 juu ya 2.05, na kati ya kolekta na emita zipo volti 6.01. Imekaa vizuri. Ukiweka kapasita sambamba na RE, sauti ina nafasi ya kupandisha kolekta volti 4.6 na kuishusha kama 5.7 kabla haijakatwa.

Ukipandisha RC hadi kiloomu 6.8 ili upate ukuzaji mkubwa, VC inashuka hadi 2.54. Kwa kipimo cha VC dhidi ya VB bado imefaulu, lakini kwa nusu volti. Maiki ikipigiwa kelele, sehemu ya chini ya wimbi inakatwa, na utasikia ule mkwaruzo ambao watu huusingizia spika.

Sasa weka kiloomu 10. Fomula inasema 1.39, na 1.39 mara 10 ni volti 13.9 juu ya rezista iliyolishwa na betri ya 12. Haiwezekani. Ukipata VC hasi, au iliyo chini ya VE, usiiandike kama jibu, kwa sababu transista imeshiba na β haitawali tena. Futa mstari wa IC = β × IB, uweke mahali pake VCE ya volti 0.2, halafu utatue upya. IC na IB sasa ni vitu viwili visivyofungana, vinavyokutana ndani ya RE tu:

```
VE / 1 = (12 − 0.2 − VE) / 10 + (1.455 − VE) / 8.25
VE = 1.11 V
IC = (11.8 − 1.11) / 10   = 1.07 mA
IB = (1.455 − 1.11) / 8.25 = 0.042 mA
```

Mkondo wa besi umeruka kutoka mikroampia 7 hadi 42, wakati wa kolekta umepungua. Gawanya IC kwa IB, utapata kama 25. Hiyo iko chini mno ya 200, na ndiyo inayothibitisha kwamba dhana ya pili ilikuwa sahihi. Kama mgawanyo ungetoka juu ya β, ungejua umekosea kudhani imeshiba. Mezani utaona emita 1.11, kolekta 1.31 na besi 1.76. Besi imeshuka toka 2.05, na hilo linawababaisha wengi: wanaanza kubadilisha R1 na R2 ambazo hazina kosa, kumbe ni transista iliyoshiba inayozivuta.

Chanzo cha kushiba si lazima iwe RC. R1 ya kiloomu 4.7 na ya 47 zinatofautiana mstari wa tatu tu, nyekundu na chungwa, na chini ya taa hafifu rangi hizo mbili hazitofautiani sana. Ukiiweka ya 4.7, RC ikiwa ileile ya 3.3, emita inapanda hadi karibu 3.7 na kolekta inaning'inia 0.2 tu juu yake. Hiyo nayo imeshiba, ila hapa besi iko juu kuliko ulivyokokotoa, wakati kwa RC kubwa iko chini. Kwa hiyo volti ya besi ndiyo inayokuambia kosa liko upande gani.

Kwa wanaofunga hivi vitu kwenye sola huko Machame au Usa River: betri hiyo haikai kwenye 12. Inapochajiwa jua la mchana ikafika 14.4, IC inakuwa 1.79, kolekta 8.48, na volti za kolekta hadi emita 6.68. Ikishuka hadi 11, IC inakuwa 1.22 na volti hizo 5.73. VBB hupanda na kushuka pamoja na betri, kwa hiyo transista haitoki katika hali yake ya kazi. Joto ndani ya boksi chini ya bati ni dogo pia kwa madhara: VBE hupungua kama milivolti 2 kwa kila nyuzi moja, basi nyuzi 30 ni milivolti 60, na juu ya RE ya kiloomu 1 hiyo ni miliampia 0.06.

Kuhusu kupima. Weka waya mweusi wa mita kwenye hasi ya betri, upime emita kwanza, kisha kolekta, na besi mwisho. Mkondo upate kwa VE kugawanya kwa RE. Hakuna haja ya kukata waya kuingiza mita. Mita ya dijitali yenye megaomu 10 haisumbui kitu hapa. Ya mshale ya kiloomu 20 kwa volti ndiyo ya kuangalia. Ukiiweka kwenye masafa ya volti 2.5, inakuwa rezista ya kiloomu 50 sambamba na R2, na besi nzima yenye 2.05 itakuonyesha kama 1.77, karibu sawa kabisa na ile 1.76 ya transista iliyoshiba. Kutofautisha ni rahisi: toa waya kwenye besi, pima kolekta. Ukikuta 7.4, transista haina tatizo. Ukikuta 1.3, imeshiba kweli. Na kama lazima uipime besi kwa mshale, tumia masafa ya volti 10. Hapo mita inakuwa kiloomu 200 na utasoma 1.97.