Asilimia kumi ya nini?

Jana tena. Mama mmoja ameweka hela kwenye kibanda changu cha kutuma na kutoa pesa kwa simu hapa Mwanga, Kigoma, amtumie dada yake Kasulu, akaniuliza, "Mwanangu, nikituma laki, serikali inakula elfu kumi ya ushuru?" Mara ya tatu wiki hii. Hapana, mama. Ushuru wa bidhaa unakaa kwenye ada ya muamala. Hela yenyewe hauigusi.

Uvumi una chanzo. Mwaka 2013 ushuru huu ulianza kama asilimia 0.15 ya kiasi kinachotumwa kikizidi 30,000, na mwaka uliofuata ukahamia kwenye ada kwa asilimia 10. Julai 2021 ikaja tozo ya miamala, iliyopanda kadiri hela inavyokuwa nyingi. Watu wamezichanganya, na siwalaumu sana.

Ninaowalaumu ni wasomi wanaojumlisha ushuru 10 na VAT 18 wakapata 28. VAT inapigwa juu ya ada ikiwa tayari imebeba ushuru! Ada tupu ikiwa 1,000, ushuru ni 100, VAT ni asilimia 18 ya 1,100, yaani 198. Jumla 1,298. Kwa hiyo ukiwa na ada yenye kodi ndani, igawe kwa 1.298 upate ada tupu. Usitoe asilimia 28 ya 1,298, utapotea. Kodi hapo ni 298, karibu asilimia 23 ya ulichokatwa.

Turudi Kasulu. Dada anataka 98,000 mkononi. Namba hizi ni za mfano, kila mtandao una jedwali lake. Kutoa 98,000 ni 2,596, basi na ya kutolea mama anatuma 100,596. Hapo ndipo wengi wanapoteleza: wanaangalia ada ya kutuma kwenye mstari wa 98,000, wanaona 649. Lakini kinachotumwa kimevuka laki, na mstari wa juu ni 1,298. Ada ya kutoa inafuata kiasi kinachotolewa, ya kutuma inafuata kinachotumwa, pamoja na ya kutolea.

Mama anatokwa na 101,894. Gharama halisi ni 3,894, kama asilimia 4 ya kinachomfikia dada. Ukigawa, ada tupu ni 3,000, ushuru 300, VAT 594. Mia tatu, mama, siyo elfu kumi.

Angetuma 99,999, ada ya kutuma ingebaki 649 na dada angepata 97,403. Dada anakosa 597, mama anabakiwa na 1,246.

Kuna jambo linanisumbua hata mimi. Sheria inamdai ushuru mtoa huduma, lakini ada anaipanga yeye mwenyewe. Kiwango kikishuka kesho, sioni kinachomlazimisha kushusha ada yake. Mama alinijibu, "Basi ndiyo hao hao." Akatuma 99,999.