Kwa nini mapacha wa kufanana hawana alama za vidole sawa

Mapacha wa kufanana wametokana na yai moja, na vinasaba vyao ni vilevile. Ukiwatazama vidole haraka haraka unaweza kuona umbo moja: huyu ana kitanzi kwenye kidole cha shahada, na mwenzake pia. Chukua kioo cha kukuzia ufuate tuta moja moja, yaani kila mstari ulioinuka wa ngozi, na utaona kwamba hawalingani.

Tofauti hiyo inaanza mapema sana. Karibu na wiki ya 7 au ya 8 ya ukuaji wa mtoto tumboni, ncha za vidole huota vinundu vya tishu laini. Kufikia kama wiki ya 10 vinundu hivyo huacha kukua huku kidole chenyewe kikiendelea, kwa hiyo taratibu vinamezwa na mkono unaokua. Matuta ya ngozi huanza kujichora wakati huohuo, na umbo la kinundu ndilo linaloamua mchoro mkubwa. Matuta yakianza kinundu kikiwa bado kimeinuka na kuviringa, mara nyingi hutoka duara. Kikiwa kimeshuka na kulalia upande mmoja, hutoka kitanzi, ambacho ndicho kimeenea zaidi. Zaidi ya nusu ya vidole vyote vya watu vina kitanzi. Kikiwa kimekaribia kuwa bapa, hutoka upinde, ambao ni nadra. Ukubwa wa kinundu na muda wake hutawaliwa kwa sehemu kubwa na vinasaba, ndiyo maana michoro hii hufanana ndani ya ukoo. Kwa sababu hiyo mchoro mkubwa peke yake haumtambulishi mtu. Unasaidia kumwondoa asiyehusika, basi.

Kinachomtambulisha mtu hutokea ndani ya matuta yenyewe. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na timu ya Chuo Kikuu cha Edinburgh ulionyesha kwamba matuta hayatokei yote kwa mpigo. Huanzia sehemu tatu: katikati ya kinundu, chini ya kucha, na kwenye mkunjo wa kiungo cha kwanza. Kutoka hapo huenea kama mawimbi, tuta jipya likijipanga kando ya lililotangulia. Protini moja, WNT, huchochea seli zijenge tuta. Nyingine, BMP, huzuia, na nafasi iliyozuiwa ndiyo inayobaki kuwa mfereji. Mawimbi yanapokutana, mistari haiungani vizuri. Tuta moja hukatika ghafla, jingine hugawanyika mara mbili, na mahali pengine hubaki kitone tu. Tofauti ndogo mno ya muda wa kuanza, au ya jinsi kidole kinavyokua, inatosha kuhamisha njia panda hiyo. Vinasaba havina ramani ya kila tuta linapokatikia. Kufikia kama wiki ya 17 mpangilio umeshakaa.

Unadumu kwa sababu mizizi ya matuta iko chini, pale tabaka la juu la ngozi linaposhikana na la ndani. Fundi ujenzi anayeshika saruji kila siku husagika matuta ya juu, na mashine ya kusajili laini ya simu inaweza kumkataa. Akipumzisha mikono, matuta yaleyale hurudi. Kidonda kilichofika tabaka la ndani huacha kovu la kudumu, ambalo nalo huwa alama ya kumtambulisha.

Tatizo huja pale alama iliyookotwa ni kipande tu, tena imefifia. Machi 2004, baada ya mabomu ya treni mjini Madrid, polisi wa Uhispania walipata alama kwenye mfuko wa plastiki uliokuwa na viwashio vya mabomu. Kompyuta ya FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilitoa watu 20 wanaokaribiana nayo, na mmoja wao alikuwa Brandon Mayfield, wakili wa jimbo la Oregon. Wataalamu wakasema ni yake, naye akakamatwa mwezi Mei. Wahispania walikuwa wameshakataa ulinganisho huo, na mwishowe wakasema alama ni ya Ouhnane Daoud, raia wa Algeria. Mayfield akaachiwa baada ya wiki mbili.

Alama hizo mbili zilifanana kwelikweli. Ukipekua hazina ya mamilioni ya vidole, kompyuta itakuletea kinachofanana zaidi hata kama mwenyewe hayumo. Kosa zito zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba baada ya kuona kidole cha Mayfield, wataalamu walirudi kwenye alama hafifu na kuanza "kuona" vitu vilivyokuwa kwenye kidole chake. Sehemu ya juu kushoto ambayo haikulingana kabisa wakaieleza kuwa ni mguso mwingine. Mpangilio sahihi ni kuweka alama kwenye kila njia panda na kila mwisho wa tuta katika kipande kilichookotwa, kuandika, na kukifunga, ndipo kidole cha mshukiwa kifunguliwe. Kinachoongezwa baada ya hapo kiandikwe kando, na mpimaji wa pili asiambiwe wa kwanza alifikia uamuzi gani.