Kugeuza mfululizo wa barua pepe kuwa jedwali: dhana potofu na ukweli

Anayeombwa "tupangie mawasiliano yote kwa tarehe" mara nyingi hufungua barua ya mwisho, akanakili kila kilichomo, akabandika kwenye ukurasa mtupu, kisha akaanza kujaza safu nne: mtumaji, tarehe, mada na kiini cha ujumbe. Kazi inaonekana nyepesi. Jedwali linatoka safi, nalo linaweza kuwa na makosa ambayo hakuna atakayeyaona, kwa sababu kila tarehe iliyomo imenakiliwa sawasawa na ilivyoandikwa.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Muuzaji wa viungo yuko Unguja. Mnunuzi wake ni mwenye duka Hamburg, naye wakala wa usafirishaji yuko Muscat. Wote watatu wanaandikiana Kiswahili. Ni Aprili 2024, na biashara ni mdalasini kilo 300. Muuzaji anafungua barua ya mwisho aliyopokea na kuibandika. Sehemu ya juu inasomeka hivi:

```
Meli ya tarehe 21 inatufaa. Endeleeni.

On Wed, Apr 3, 2024 at 7:20 AM Wakala <wakala@example.com> wrote:
> Meli ya tarehe 14 imejaa. Inayofuata ni ya tarehe 21.
>
> On Tue, Apr 2, 2024 at 4:05 PM Mnunuzi <mnunuzi@example.com> wrote:
>> Bei nimeikubali. Wakala, tupe nafasi ya meli.
```

Chini yake kuna barua mbili za zamani zaidi: jibu la muuzaji kuhusu bei, lililoandikwa saa 10:40 AM tarehe 2, na swali la kwanza la mnunuzi, lililoandikwa saa 11:15 AM siku hiyohiyo. Barua ya juu kabisa ilimfikia muuzaji saa 09:10 tarehe 3.

Dhana: Kila barua ina saa yake, basi panga kwa saa hizo na kazi imekwisha.

Panga kwa saa hizo uone kinachotokea. Jibu la bei la 10:40 linakaa juu, na swali la 11:15 linafuata. Muuzaji amejibu dakika 35 kabla ya kuulizwa.

Ukweli ni kwamba saa iliyo kwenye mstari wa `On ... wrote:` haiandikwi na aliyetuma barua ile. Inaandikwa na programu ya aliyeijibu, na programu nyingi huiandika kwa saa za mahali alipo huyo anayejibu. Jibu la bei lilinukuliwa na mnunuzi akiwa Hamburg, kwa hiyo 10:40 ni saa ya Hamburg. Swali la kwanza lilinukuliwa na muuzaji akiwa Unguja, kwa hiyo 11:15 ni saa ya Unguja. Barua ya mnunuzi ya kukubali bei ilinukuliwa na wakala, kwa hiyo 4:05 PM ni saa ya Muscat, ingawa mwandishi wake alikuwa Ujerumani. Hapa ndipo wengi wanapoteleza hata wakikumbuka tofauti ya saa: wanaihesabu kwa mji wa mtumaji, kumbe inatakiwa mji wa aliyenukuu.

Chagua mji mmoja kwa jedwali zima na uuandike kwenye kichwa cha safu. Tukichagua Unguja, saa za Muscat tunapunguza moja, na za Hamburg tunaongeza. Tunaongeza ngapi? Inategemea tarehe. Ujerumani husogeza saa mbele mwishoni mwa Machi, na mwaka 2024 ilikuwa tarehe 31. Kabla ya hapo Unguja iko mbele ya Hamburg kwa saa mbili, na baada ya hapo kwa saa moja. Mazungumzo yaliyoanza Machi yakaisha Aprili yanataka hesabu mbili tofauti ndani ya jedwali moja. Unguja na Muscat hazibadilishi saa.

Sasa swali la kwanza linabaki 11:15. Jibu la bei linakuwa 11:40, na kukubali bei kunakuwa 15:05. Jibu la wakala lililonukuliwa Hamburg 7:20 linakuwa 08:20 ya tarehe 3. Barua ya juu kabisa muuzaji aliiona kwenye kikasha chake mwenyewe, kwa hiyo 09:10 yake haiguswi.

Hakikisha hesabu kwa kutazama mpangilio wa nukuu. Barua iliyomo ndani ya nyingine lazima iwe ya zamani kuliko iliyoibeba. Jedwali likionyesha kinyume chake, saa ndiyo iliyokosewa, mpangilio wa nukuu haujakosea. Ukiwa bado na shaka na barua yenyewe unayo, fungua `Show original` kwenye Gmail. Humo kuna mstari kama `Date: Tue, 2 Apr 2024 11:40:00 +0300`, na hiyo `+0300` inakuambia saa ni ya wapi bila kukisia.

Dhana: Barua ya mwisho imebeba zote zilizotangulia.

Imebeba tu zile zilizo kwenye tawi lake. Mnunuzi alipokubali bei, barua yake ilikwenda kwa watu wawili, na wote wawili waliijibu. Wakala alijibu saa 08:20 ya Unguja. Muuzaji naye aliijibu ileile saa 08:45, kabla hajaliona jibu la wakala, akisema mzigo utafika bandarini Jumatatu. Mnunuzi alipoandika barua ya mwisho aliijibu ya wakala, kwa hiyo ya muuzaji haimo ndani yake hata kidogo. Isitoshe, muuzaji alikuwa amebadilisha mada kuwa "Mzigo kufika bandarini", na Gmail huifungulia mazungumzo mapya barua yenye mada iliyobadilishwa. Ukibandika barua ya mwisho tu utapata barua tano, ilhali zilizoandikwa ni sita.

Dalili ya tawi lililopotea huwa ndani ya maneno: mtu anajibu jambo ambalo hakuna aliyelitaja, au anasema "kama nilivyoeleza jana" na ya jana haipo. Usijaze pengo kwa kukisia. Tafuta kwenye kikasha kwa jina la kila mhusika na tarehe za mazungumzo, bila kutegemea mada, ukikumbuka na folda ya zilizotumwa. Kama unatumia Gmail na mada haikubadilika, `Print all` inakutolea mazungumzo yote kuanzia ya kwanza, matawi yote yaliyopita kwenye kikasha chako yakiwemo, na saa zote zikiwa za mahali ulipo wewe. Binafsi huanzia hapo kila inapowezekana, maana hesabu yote ya hapo juu inaondoka.

Dhana: Kiini cha ujumbe ni sentensi yake ya kwanza.

Sentensi ya kwanza ya barua ya Kiswahili mara nyingi huwa ni salamu, na ya pili huwa ni kuulizia hali. Kinachotakiwa kwenye safu hii ni kile kilichobadilika kwa sababu ya barua hiyo: nani ameomba nini, kiasi gani, kufikia lini, na nani amekubali au amekataa. Kama kuna kiambatisho, kitaje. Tarakimu na tarehe zinakiliwe kama zilivyo.

Saa za Kiswahili zinahitaji uangalifu hapa. Muuzaji aliandika "Jumatatu saa 3 asubuhi", naye alimaanisha 09:00 kwa mfumo wa saa 24. Kwenye kiini acha maneno yake, kisha weka 09:00 kwenye mabano, kwa kuwa safu ya tarehe inatumia mfumo wa saa 24 na msomaji ataona 3 akadhani ni alfajiri.

Kuna pia majibu yaliyoandikwa katikati ya nukuu. Mnunuzi alikuwa ameuliza mambo matatu, naye muuzaji akayajibu moja moja chini ya kila swali, huku juu ya barua ameandika tu "Majibu yako hapo chini." Anayechukua sehemu ya juu peke yake atajaza jedwali kwa sentensi hiyo, na bei yenyewe haitaonekana popote. Alama za `>` ndizo zinazosaidia: mstari wenye alama moja pungufu kuliko majirani zake ni wa aliyejibu. Shida ni kwamba Gmail kwenye kivinjari huonyesha nukuu kwa mstari wa wima pembeni, na ukibandika kama maandishi matupu mstari huo hupotea, swali na jibu vikawa sauti moja. Hapo rudi kwenye barua yenyewe, wala usikadirie nani alisema nini. Kabla ya kunakili, bofya pia vile vidoti vitatu vinavyoficha nukuu, vinginevyo hutapata chochote cha chini yake.

Dhana: Mada ni ileile kwa zote.

Mstari wa `On ... wrote:` hautaji mada kabisa. Outlook huitaja kwenye mistari yake ya `From`, `Sent`, `To` na `Subject`. Pale ambapo mada umeidhania kutokana na barua ya juu, iweke kwenye mabano ya mraba ili ijulikane aliyeiandika ni wewe. Jedwali letu linakuwa hivi:

| Mtumaji | Tarehe (saa ya Unguja) | Mada | Kiini |
|---|---|---|---|
| Mnunuzi | 2024-04-02 11:15 | [Mdalasini kilo 300] | Anauliza bei, ufungaji na muda wa kupakia |
| Muuzaji | 2024-04-02 11:40 | [Re: Mdalasini kilo 300] | Ajibu yote matatu ndani ya nukuu, ataja bei |
| Mnunuzi | 2024-04-02 15:05 | [Re: Mdalasini kilo 300] | Akubali bei, aomba wakala atafute meli |
| Wakala | 2024-04-03 08:20 | [Re: Mdalasini kilo 300] | Meli ya 14 imejaa, iliyopo ni ya 21 |
| Muuzaji | 2024-04-03 08:45 | Mzigo kufika bandarini | Mzigo bandarini Jumatatu saa 3 asubuhi (09:00) |
| Mnunuzi | 2024-04-03 09:10 | Re: Mdalasini kilo 300 | Akubali meli ya 21 |

Sasa linaonekana jambo ambalo barua ya mwisho peke yake haikulionyesha. Muuzaji alipanga kufikisha mzigo Jumatatu tarehe 8 kwa ajili ya meli ya 14, na hakuna barua inayomwambia asubiri. Kama mzigo ulikaa bandarini na gharama zikaja, mstari wa tano ndio utakaoulizwa.

Dhana: Eksel itazielewa tarehe zenyewe.

Itazielewa kwa mipangilio ya kompyuta ile. `03/04/2024` kwenye mashine yenye mipangilio ya Marekani inakuwa Machi 4, wakati `14/04/2024` haina mwezi wa 14 wa kuangukia, kwa hiyo inabaki maandishi. Safu moja inakuwa na tarehe za aina mbili, na ukipanga, nusu yake inakwenda upande wake. Ndiyo maana nimeandika mwaka kwanza. Kwa kawaida tarehe halisi huegemea kulia mwa kisanduku na maandishi huegemea kushoto. Kama mwegemeo huo umekwisha kubadilishwa, fomula hii inakuonyesha `FALSE` kila penye maandishi:

```
=ISNUMBER(B2)
```

Kiini kinachoanza kwa alama ya `-` au `=` nacho Eksel hukichukua kama fomula, na mara nyingi hutoa `#NAME?`. Fanya safu hiyo kuwa ya maandishi kabla ya kubandika.