Korosho zetu, korosho yetu

"Upatanisho wa ngeli ni kurudia tu silabi ya kwanza ya nomino."

Kwa kiti na kisu, huonekana hivyo. Lakini sikiliza mnadani Newala: "Korosho zetu nzuri zimenunuliwa." Hakuna ko- kwenye neno lolote linalofuata. Sema sasa punje moja: "Korosho yetu nzuri imenunuliwa." Nomino haikubadilika hata herufi. Wingi ulibebwa na kimilikishi na kitenzi, z- na zi-, huku nzuri ikibaki na n- yake kote, maana vivumishi vina viambishi vyao. Na kiboko wa Ruvuma? "Kiboko mkubwa amevuka." Ki- ipo, ila ni mnyama, basi kitenzi kinachukua a-. "Kiboko kimekatika" utasema ukiwa na mjeledi mkononi.