Alama za Tathmini Zinapotofautiana: Kusawazisha Mameneja wa Viwanda Vitatu vya Korosho

Kazi yangu ni kuendesha tathmini ya mwaka ya utendaji kazi katika taasisi za mikoa ya Mtwara na Lindi, na swali ninaloulizwa mara nyingi na maofisa rasilimali watu ni hili: wafanyakazi wa meneja mmoja wanapopata alama za juu kuliko wa wenzake, tutajuaje kama kweli ni hodari zaidi, au kama meneja wao ana mkono mwepesi wa kutoa alama? Swali hili lina uzito kwa sababu utafiti wa Scullen, Mount na Goff uliochapishwa mwaka 2000, ambao ulichambua alama walizopewa zaidi ya mameneja 4,000, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya tofauti za alama ilitokana na tabia ya mtoa alama mwenyewe na si utendaji wa anayepimwa.

Nitaeleza kwa mfano ambao tarakimu zake nimezipanga mwenyewe ili hesabu ionekane vizuri. Kampuni ina viwanda vya kubangua korosho Masasi, Mtwara na Lindi, kila kimoja kina meneja, na kila meneja anawapima watu 10 kwa alama za 1 hadi 5, ambapo 3 ni kutimiza lengo na 5 ni ya juu kabisa. Wastani wa Masasi ni 3.9, wa Mtwara 3.3 na wa Lindi 3.1. Wengi wakiziona tarakimu hizi hukimbilia kumpunguzia kila mtu wa Masasi pointi kadhaa mpaka wastani ulingane. Napinga njia hiyo, kwa sababu inachukulia kwamba vikundi vyote vitatu vina uwezo sawa, jambo ambalo hakuna aliyelithibitisha. Kwa sababu hiyohiyo napinga amri ya kwamba kila meneja lazima awe na idadi fulani ya watu wa 5 na idadi fulani ya watu wa 2. Katika kundi la watu 10, mtu mmoja tu ni asilimia 10 ya kundi zima, na si ajabu hata kidogo kundi dogo namna hiyo kuwa na watu wazuri wengi, au wachache, kwa mwaka fulani.

Ninachofanya ni kuwapa mameneja wote kazi ileile waipime. Kabla ya kikao cha mameneja cha kusawazisha alama ninaandika maelezo ya wafanyakazi watatu wasio na majina, kila mmoja katika ukurasa mmoja wenye malengo yake, matokeo yake na mazingira aliyofanyia kazi, kisha kila meneja anatoa alama akiwa peke yake na kunikabidhi kwa maandishi. Tuseme meneja wa Masasi ametoa 4, 4 na 3, wa Mtwara 3, 4 na 2, na wa Lindi 3, 3 na 2. Kwa maelezo yaleyale, wastani wa Masasi ni 3.7 na wa Lindi ni 2.7, yaani tofauti ya pointi nzima, ilhali tofauti ya vikundi vyao halisi ilikuwa 0.8 tu. Hapo kuna dalili nzito kwamba pengo la Masasi na Lindi limetokana na mkono wa mameneja, na huenda kundi la Lindi halipungukiwi na kitu. Hata hivyo maelezo matatu ni machache mno kuwa msingi wa kutoa au kuongeza pointi; kwangu yanatosha kuamua majalada ya nani yasomwe kwanza na mjadala uanzie wapi.

Mjadala wenyewe ninauanzisha kwenye mpaka wa 3 na 4, kwa kuwa ndiko mameneja wanakoachana zaidi. Anayestahili 5 na anayestahili 1 kwa kawaida huonekana bila ubishi. Katika mfano wetu, msimamizi wa zamu wa Masasi alipewa 4 kwa sababu asilimia 78 ya korosho za zamu yake zilitoka nzima bila kuvunjika, huku lengo likiwa 75. Msimamizi wa Lindi alipewa 2 kwa kutoa asilimia 73. Kwenye karatasi jambo linaonekana limekwisha. Lakini korosho nzima haitegemei msimamizi peke yake. Korosho ghafi iliyokaa ghalani muda mrefu na kukauka kupita kiasi hukatika kwa urahisi, na kiini kilichokaushwa mno kwenye tanuri huvunjika wakati wa kumenya ngozi hata mikononi mwa wamenyaji wazuri.

Hivyo ninawauliza mameneja wote: korosho ileile ingetoa nini mikononi mwa mtu mwingine? Rekodi za Lindi zilikuwa na jibu. Zamu ya pili ya kiwanda hichohicho, iliyotumia shehena ileile, iliishia asilimia 67. Daftari la tanuri lilionyesha kwamba msimamizi tunayemjadili alipunguza muda wa kukausha viini baada ya kuona vipande vinaongezeka, na tangu wiki hiyo asilimia yake ikapanda. Kwa upande wa Masasi, zamu zote zilikuwa kati ya asilimia 77 na 79 kwa shehena nzuri, na hakuna rekodi ya jambo ambalo msimamizi yule alilifanya tofauti na wenzake. Wa Lindi akapanda hadi 4, wa Masasi akawa 3.

Meneja wa Mtwara alipinga, na hoja yake ilistahili kusikilizwa: aliyekosa lengo hawezi kupewa alama ya kuvuka lengo. Tulichokubaliana ni kuandika upya maana ya 4, kwamba ni matokeo yaliyozidi yale ambayo mazingira hayohayo yangetoa kwa kawaida, na uthibitisho uwepo kwenye rekodi. Maana hiyo ikitumika kwa mmoja lazima irudiwe kwa watu wote 30, kwa hiyo tulifungua tena majalada yaliyokwisha kupitishwa. Inachosha, lakini bila kurudi nyuma kikao kitakuwa kimetengeneza upendeleo mpya.

Rekodi ndizo mpaka wa kazi hii. Minada ya korosho huanza kwa kawaida mwezi Oktoba, na mahali ambapo tathmini hufanyika Juni, meneja asiyeandika kitu kila mwezi atakuwa anapima miezi ya karibuni tu. Hakuna kikao kinachoweza kurejesha ushahidi ambao haukuandikwa, na katika hali hiyo mwenye ulimi mzuri ndiye anayewaokoa watu wake. Ndiyo maana alama za awali hukabidhiwa kwa maandishi kabla ya mazungumzo, na mkurugenzi, akiwepo, huzungumza wa mwisho.

Baada ya kikao huwa natazama alama zilizobadilika zimeelekea wapi. Zikiwa zimeshuka zote na hakuna hata moja iliyopanda, nashuku kwamba waliokaa pale walikuwa wakibana fungu la bonasi, na ninaomba suala la fedha lijadiliwe siku nyingine. Kila alama iliyobadilishwa huandikiwa sababu na meneja husika, naye ndiye anayemweleza mfanyakazi kwa maneno yake, bila kusema kwamba kikao ndicho kilichomshusha. Kati ya maelezo matatu ya mwaka huu, moja hubaki bila kubadilishwa kwa ajili ya mwaka unaofuata, ili tuone kama mkono wa kila meneja umebaki palepale.