Chuma kina nyuzi kama mti: dhana potofu kuhusu kufua chuma na nguvu zake

Nahodha aliyeniambia "chuma ni chuma, fundi, kikiwa kinene hakivunjiki" alikuwa wa tatu mwaka huu kunipa somo hilo, na alilitoa huku ameshika mkononi vipande viwili vya chuma kinene kilichokwisha kuvunjika. Kilikuwa kishikizo cha usukani wa jahazi, chenye umbo la pembe mraba: mkono mmoja umelala na kufungwa kwenye ubao wa usukani, na kutoka mwisho wake imesimama pini inayoingia katika pete iliyoko tezi, yaani nyuma ya jahazi. Kishikizo hicho hakikufuliwa. Kilichorwa juu ya bamba la unene wa milimita 20, kikakatwa kwa gesi, kikalainishwa kwa grinda, na kikavunjika kwenye kona ya ndani kabla msimu wa kusi haujaisha. Sasa alitaka kingine cha namna ile ile, ila cha bamba la milimita 25.

Nimechoka kulijibu jambo hili kwa mdomo mlangoni pa karakana, kwa hiyo nalijibu kwa maandishi.

Bamba la chuma halikuzaliwa bamba. Lilianza kuwa chuma kilichoyeyushwa na kugandishwa, kisha likapashwa moto hadi karibu digrii 1200 za sentigredi na kupitishwa kati ya rola mara nyingi, kila mara likipungua unene na kurefuka. Ndani ya chuma hicho mna uchafu kidogo usioepukika, na ulio muhimu zaidi kwa habari hii ni salfa iliyoungana na manganizi. Katika joto la rola vijichembe vya uchafu huo ni laini, navyo hurefuka pamoja na chuma hadi vikawa kama vijiuzi vyembamba, vyote vimelala kuelekea upande ambao bamba lilivutwa. Vijiuzi hivyo, pamoja na mistari ya mahali ambapo kaboni na manganizi havikuenea sawasawa, ndivyo ninavyoviita nyuzi za chuma. Mtu asizichanganye na chembe zenyewe za chuma, yaani fuwele ndogo zinazokijenga. Chembe huzaliwa upya kila chuma kinapofanyiwa kazi kikiwa na moto wa kutosha, lakini nyuzi hubaki, na hakuna kupasha wala kupoza kutakakozifuta.

Mafundi wa majahazi wa Matondoni hawahitaji kufundishwa maana ya jambo hili, maana wanalijua katika mbao tangu utoto wao. Fundi anapotafuta taruma, yaani ubavu wa jahazi, hachukui ubao ulionyooka akaukata msumeno kwa kuufuata mviringo wa jahazi. Hutafuta tawi lililopinda lenyewe, ili nyuzi za mti zilifuate pindo kutoka mwisho mmoja hadi wa pili. Taruma lililokatwa kwenye ubao ulionyooka hupasuka mahali nyuzi zinapokatizwa, hata likiwa nene. Kinachonishangaza ni kwamba mtu huyo huyo, ambaye angelikataa taruma kama hilo kwa kulitupia jicho moja tu, hukipokea kishikizo cha usukani kilichokatwa vivyo hivyo, eti kwa kuwa ni chuma.

Turudi kwenye kile kilichovunjika. Mkataji alikipanga kielelezo chake juu ya bamba kwa namna ya kuokoa chuma, na kwa bahati mbaya nyuzi zikaenda sambamba na pini, yaani zikaukatiza mkono uliolala. Wimbi linapoupiga usukani, mkono huo ndio unaopindwa karibu na kona, na nguvu huuvuta kwa urefu wake, yaani hujaribu kuzitenganisha nyuzi zilizolala ubavu kwa ubavu. Ufa hauhitaji kukata uzi hata mmoja, bali hupita kati ya uzi na uzi. Uso wa mvunjiko ulieleza yote. Karibu na kona palikuwa laini, pana mistari ya upinde inayofuatana, kama ile ambayo maji ya kupwa huiacha mchangani. Hiyo ni alama ya ufa uliokuwa ukikua kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Sehemu iliyobaki, iliyokatika mara moja siku ya mwisho, ilikuwa na vidaraja vidaraja kama ukuni uliopasuliwa kwa shoka.

Lazima niseme pia kwamba nyuzi hazikuwa mkosaji wa pekee. Mkono ulikuwa na upana wa milimita 30 na unene wa milimita 20. Tuchukulie kwamba wimbi linausukuma kwa niutoni 2000, ambazo ni kama uzito wa kilo 200, katika umbali wa milimita 150 kutoka kwenye kona. Mkazo wa kupindwa hapo unakuwa takriban niutoni 100 kwa kila milimita mraba, na chuma laini cha kawaida huanza kunyong'onyea kwenye 250 hivi, kwa hiyo kwa hesabu hiyo kishikizo kilikuwa salama. Lakini kona ya ndani ilikuwa kali kama ya kasha, na kona kali huuzidisha mkazo mara mbili au zaidi pale pale ilipo. Gesi nayo ilikuwa imeacha vijikwaruzo vya kuanzishia ufa. Kwa hiyo kona ndiyo iliyouzaa ufa, nazo nyuzi zikauonyesha njia. Bamba la milimita 25 lenye kona ile ile na nyuzi zile zile lingechelewesha tu siku ya kuvunjika.

Nilimfulia kingine kutoka kwenye fimbo ya chuma, ambayo nyuzi zake zimelala kwa urefu wake. Kwanza nilipasha moto mahali pa pindo peke yake, nikaigonga fimbo kwenye ncha yake ili chuma kijae hapo, kwa sababu pindo hula unene upande wa nje. Kisha nilipasha tena hadi rangi ya njano iliyokolea, karibu digrii 1150, nikaipinda juu ya ukingo wa fuawe uliolainishwa, na ndani ya pindo nikaacha mviringo wa milimita 15. Moto wa tatu ulikuwa wa kunyoosha na kusawazisha. Niliacha kupiga rangi iliposhuka hadi wekundu wa kawaida, karibu digrii 850, kisha nikakiacha kipoe chenyewe kwenye mchanga mkavu. Sasa nyuzi zinatoka kwenye mkono, zinazunguka pindo na kuingia kwenye pini bila kukatizwa, na kila zinapovutwa, zinavutwa kwa urefu wake. Rangi hizo, kwa wanaotaka kujaribu, husomwa kivulini. Katika jua la Lamu la saa sita mchana chuma cha digrii 900 huonekana cheusi, na hapo ndipo vijana wanapokiongezea moto hadi kinatoa cheche na kuungua.

Wasioamini kwamba nyuzi zipo huwaonyesha. Kata kipande cha pindo kwa urefu wake, kisugue kwa msasa hadi kiwe kama kioo, kisha kiweke katika mchanganyiko wa asidi ya hidrokloriki na maji kwa kiasi sawa, uliopashwa moto hadi digrii 70 au 80, kwa dakika 15 hadi 30. Fanya hivyo nje penye upepo, tia asidi ndani ya maji na si maji ndani ya asidi, na mwishowe oshea magadi. Asidi huzila nyuzi kabla ya chuma safi, nazo hujitokeza kama mistari ya kalamu. Katika kipande kilichofuliwa mistari huzunguka pindo, na katika kile kilichokatwa kwenye bamba hufika kwenye kona ikakomea hapo.

Faida hii ina mipaka yake, kwani wapo pia wanaodhani kwamba kilichofuliwa kina nguvu maradufu katika kila jambo. Ukikivuta chuma polepole hadi kikatike, nguvu yake kwa urefu wa nyuzi na kwa kuzikatiza hukaribiana. Tofauti kubwa huonekana katika kustahimili pigo la ghafla, kunyumbulika kabla ya kukatika, na kuvumilia mizigo inayorudiarudia, na ndiyo mizigo ya bahari. Chuma cha kisasa kilichosafishwa salfa vizuri kina tofauti ndogo zaidi. Na kazi ya mhunzi mbaya ni mbaya kuliko bamba: chuma kilichoungua, au mkunjo uliofunikwa kwa nyundo bila kushikana, havitengenezeki kwa nyuzi nzuri. Tena ukifua vizuri kisha ukachonga sana kwa mashine, unazikata zile nyuzi ulizozipinda kwa jasho.

Somo hili lina umri mkubwa. Mwaka 1842 ekseli ya treni ilivunjika karibu na Versailles huko Ufaransa na watu wengi wakafa. Mwaka uliofuata mhandisi Mskoti William Rankine alieleza kwamba ekseli kama hizo huvunjika kwa ufa unaoanzia kwenye kona ya bega, yaani pale ekseli inapopungua unene ghafla, na kukua polepole. Alishauri bega lifuliwe kwa mviringo kabla ya kuchongwa, ili nyuzi zisikatizwe. Wengi wakati ule walidai kwamba chuma "kimegeuka fuwele" kwa kutumika, na dai hilo bado nalisikia kwenye jeti za Malindi kila shafti inapokatika na kuonyesha uso unaometameta. Chuma kilikuwa fuwele tangu kilipoganda. Kumetameta huko ni chembe zake tu zilizofunuliwa.

Dhana nyingine ni kwamba nyundo "hushindilia" chuma chenye moto kikawa kigumu. Chembe zilizopondwa katika digrii 1100 hujipanga upya karibu papo hapo, kwa hiyo ugumu hautoki huko, na uzito wa chuma kwa ujazo haubadiliki. Ugumu wa kupigwa hupatikana katika kazi ya baridi, ambako chembe hupondwa na kubaki zimepondeka.

Kazi ya baridi nayo haimaanishi chuma kisichochoma mkono. Mpaka ni joto ambalo chembe za chuma fulani huweza kuzaliwa upya. Madini ya risasi hufanya hivyo katika joto la kawaida, ndiyo maana mvuvi hugongagonga chubwi yake siku nzima na haiwi ngumu. Kwake hiyo ni kazi ya moto. Chuma cha digrii 300 kinakuunguza, lakini bado ni kazi ya baridi, na tena katika joto hilo huwa rahisi kukatika, kwa hiyo kupinda chuma "kilichopashwa kidogo" ni kubaya kuliko kukipinda kikiwa baridi kabisa.

La mwisho nawaambia wajenzi. Nondo za mraba zilizosokotwa zimepata sehemu ya nguvu zake kwa kusokotwa baridi. Fundi anayezipasha hadi ziwe nyekundu ili zipindike kwa urahisi hurudisha chembe katika hali ya kabla ya kusokotwa, na pindo hilo hubaki na nguvu ya chuma laini, ingawa msokoto bado unaonekana kwa macho.